Kuuza taulo za kufua kabla hazijashonwa: Hesabu kwanza, harambee baadaye

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

FUNDI cherehani wa Kilole, mjini Korogwe, anapopokea oda ya gauni la harusi hakati kitambaa kabla ya kupokea malipo ya awali. Mteja hutoa nusu ya fedha, fundi hununua kitambaa na uzi, na siku ikifika kila mmoja hutimiza ahadi yake. Hakuna anayeuita utaratibu huo msaada. Ni biashara, na fedha zile zilizotangulia ni deni mpaka gauni litoke.

Kuuza bidhaa mpya kwa kampeni ya kuchangisha fedha mtandaoni ni utaratibu uleule, ila wateja ni mia mbili badala ya mmoja, na wengi wao hawajawahi kumwona fundi. Njia hii inazungumzwa sana miongoni mwa vikundi vinavyotaka kutengeneza taulo za kike za kufua, maarufu kama pedi za kufua, kwa sababu benki haikopeshi kwa urahisi kikundi ambacho bado hakijauza kitu. Hata hivyo, vikundi vingi huanza na picha na maneno ya kuvutia, na hesabu huja baadaye. Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Mchango au mauzo?

Jambo la kwanza ni kutofautisha harambee ya kutoa na harambee ya kununua. Mwaka 2017 nchini Uganda, mwanazuoni Stella Nyanzi aliendesha kampeni ya kuchangisha taulo za kike kwa ajili ya wanafunzi baada ya Serikali kusema haina fedha za kutimiza ahadi iliyotolewa katika uchaguzi wa 2016. Waliochangia walitoa fedha na pedi bila kutarajia kurudishiwa kitu. Huo ni mchango.

Mauzo ya kabla ni jambo jingine. Anayelipa anatarajia kupokea kitu fulani, kwa tarehe fulani, na akikikosa ana haki ya kudai. Mtandao wa Kickstarter wa Marekani, ulioanza mwaka 2009, hauruhusu kabisa kampeni za kukusanya sadaka. Unataka mradi unaozaa bidhaa, na unafuata kanuni ya yote au hapana: lengo lisipofikiwa, hakuna mteja anayekatwa fedha.

Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kusajili mradi Kickstarter. Kwa hiyo, kikundi cha Korogwe kina njia mbili. Kinaweza kutafuta mshirika aliye nje anayekubali kubeba dhamana kisheria, au kinaweza kupokea malipo hapa nchini kwa simu na akaunti ya benki, na kutangaza kampeni kupitia makundi ya WhatsApp, shule, makanisa na misikiti. Njia ya pili ni rahisi kuanza, lakini ina kasoro moja kubwa: hakuna mtu wa kati anayerudisha fedha lengo lisipofikiwa. Kanuni hiyo ni lazima ijiwekee kikundi chenyewe, iandikwe kwenye tangazo, na fedha zikae kwenye akaunti ambayo mtu mmoja peke yake hawezi kutoa.

Aidha, kinachouzwa kiwe bidhaa na si hisa. Mara kikundi kinapowaahidi watu wengi sehemu ya faida, kinaingia katika mambo yanayosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ambayo yana masharti yake.

Bidhaa ijaribiwe kabla ya kutangazwa

Pedi ya kufua ina tabaka tatu. Juu, panapogusa mwili, huwekwa kitambaa laini kama pamba au flaneli. Katikati huwekwa tabaka linalofyonza, mara nyingi kitambaa cha taulo au flaneli iliyokunjwa mara kadhaa. Chini huwekwa kitambaa chepesi chenye utando wa plastiki kisichopitisha maji. Mabawa yake hufungwa kwa vishikizo vya kubana chini ya nguo ya ndani.

Kampuni ya AFRIpads ya Uganda, iliyoanza mwaka 2010 katika eneo la Masaka, ilijenga soko lake kwa kuuza si pedi moja moja bali seti yenye mfuko wa kuhifadhia, inayotumika kwa mwaka mmoja au zaidi. Vikundi vingi vya Afrika Mashariki vimefuata mtindo huo. Lakini ahadi ya "mwaka mmoja" haiwezi kunakiliwa kutoka kwa jirani. Ni lazima ithibitishwe kwa kitambaa kilichonunuliwa na kikundi chenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Mwanamke akibadilisha pedi mara tatu au nne kwa siku kwa siku tano, anabadilisha mara 15 hadi 20 katika mwezi. Akiwa na seti ya pedi tano, kila pedi itafuliwa mara tatu au nne kwa mwezi, yaani hadi mara 48 kwa mwaka. Basi kabla ya kuandika neno "mwaka" kwenye tangazo, kikundi kichukue pedi kadhaa na kuzifua mara 48 kama mteja atakavyofua: kuloweka kwenye maji baridi, sabuni ya kipande, kusuuza na kuanika juani. Kila baada ya kufua mara kumi, pedi iwekwe juu ya karatasi nyeupe, imiminiwe kijiko kikubwa cha maji yenye rangi na kubanwa kwa kiganja. Karatasi ikilowa, utando wa chini umeanza kupasuka, na ni afadhali kulijua hilo kabla wateja 200 hawajalipa.

Jaribio hilo la nyumbani halichukui nafasi ya maabara. Nchi za Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha pedi za kufua, EAS 96 sehemu ya pili, na anayetaka kuuza kwa umma anapaswa kupitia Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Gharama na muda wa kupata alama hiyo ni lazima viingizwe kwenye bajeti ya kampeni, la sivyo kikundi kitajikuta kina fedha za watu na bidhaa isiyoweza kuingia dukani.

Jaribio la kufua linafichua jambo jingine. Pedi tano zinatosha pale tu zilizofuliwa asubuhi zinapokauka jioni. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, nguo nzito huweza kukaa kwenye kamba kwa siku mbili bila kukauka, na pedi yenye unyevu haifai kuvaliwa. Kwa upande wa Handeni, ambako ukame ni jambo la kawaida, tatizo ni maji ya kufulia na kusuuzia. Tangazo la kweli litamwambia mteja mambo yote mawili, na litampa nafasi ya kuongeza pedi mbili kwa ajili ya miezi ya mvua.

Ngazi za malipo

Katika kampeni za namna hii, mnunuzi huchagua ngazi: anayetoa kidogo anapata kitu kidogo, anayetoa kingi anapata zaidi. Kila ngazi ni mkataba mdogo unaojitegemea, na ni lazima ijilipie yenyewe.

Tuseme mafundi sita wa Kilole wameungana. Takwimu zinazofuata ni za mfano ili msomaji aone mwenendo wa hesabu. Kila kikundi kiweke bei zake. Seti yao ina pedi tano, mfuko na karatasi ya maelekezo. Vitambaa, uzi na vishikizo vinagharimu Sh7,500, ufundi Sh3,000, mfuko na karatasi Sh1,000, na Sh1,000 nyingine ni ya umeme, usafiri wa malighafi na pedi zitakazoharibika. Jumla ni Sh12,500 kwa seti.

Ngazi yao kuu ni seti moja kwa Sh20,000. Kwa haraka inaonekana faida ni Sh7,500. Lakini mteja yuko Dar es Salaam, na mzigo utakwenda kwa basi kwa Sh3,000. Wakikadiria makato ya malipo kuwa asilimia tatu, inaondoka Sh600 nyingine. Kinachobaki ni Sh3,900.

Sasa tazama mtego. Kikundi kinataka kumkaribisha kila mtu, hivyo kinaweka ngazi ya Sh5,000 kwa pedi moja ya kujaribu. Pedi hiyo inagharimu Sh2,500, basi linataka Sh3,000 zilezile, na makato ni Sh150. Jumla ni Sh5,650, kwa hiyo kila anayechagua ngazi hiyo anakitia kikundi hasara ya Sh650. Kwa kuwa ni ngazi ya bei ndogo kuliko zote, huenda ndiyo itakayovuta watu wengi zaidi, na kampeni "ikifanikiwa" hasara inakua. Dawa yake ni moja kati ya mbili: pedi ya kujaribu ichukuliwe Kilole na mteja mwenyewe, au ngazi hiyo iwe ya shukrani tu isiyo na mzigo wa kusafirishwa.

Ngazi za juu hujilipia vizuri zaidi kwa sababu usafiri ni mmoja. Seti mbili kwa Sh38,000 zinaacha Sh8,860. Ngazi ya "jinunulie moja, mpe mwanafunzi moja" kwa Sh36,000 inaacha Sh5,920, baada ya kutenga Sh1,000 za kufikisha seti ya pili shuleni. Na ofisi au chama cha wahitimu kikinunua seti 25 kwa Sh400,000, inabaki Sh55,500 baada ya kulipa usafiri wa Sh20,000 na makato.

Lengo ni fedha ngapi?

Mafundi hawa wanahitaji Sh1,200,000 za mashine ya kubana vishikizo, sampuli na vipimo vya maabara. Kosa la kawaida ni kutangaza lengo la Sh1,200,000. Kiasi hicho kikipatikana, kitakuwa kimeletwa na watu wapatao 60 wanaodai seti 60, na zaidi ya robo tatu yake itaondoka kwenye vitambaa, ufundi na basi. Kitakachosalia hakifiki hata Sh240,000, na mashine haitanunuliwa.

Hesabu sahihi huanzia kwenye masalio ya kila ngazi. Wakiuza ngazi ya seti moja kwa watu 100, seti mbili kwa watu 40, ngazi ya mwanafunzi kwa watu 50, na oda nne za ofisi, masalio ni Sh1,262,400, ambayo yanatosha kwa shida. Mauzo yote ni Sh6,920,000. Kwa hiyo lengo la kweli ni karibu Sh7,000,000, kutoka kwa wanunuzi 194, kwa seti 380. Takwimu hizo tatu ndizo kikundi kinachopaswa kuzitazama machoni kabla ya kutangaza lolote. Je, kinawajua watu wa kutosha kufikia 194? Daftari la majina na namba za simu likiwa na watu 60 tu, wakati wa kampeni bado.

Muda nao una hesabu yake. Seti 380 ni pedi 1,900. Fundi akishona pedi 12 safi kwa siku, mafundi sita wanamaliza kwa siku 27 za kazi. Ongeza majuma matatu ya kusubiri kitambaa cha utando, muda wa vipimo, na wiki ya kufungasha. Ahadi ya mwezi mmoja ni uongo; miezi mitatu ni ya haki, minne ni ya busara.

Uzoefu wa dunia unaunga mkono tahadhari hiyo. Profesa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu miradi ya Kickstarter, alibaini kuwa zaidi ya robo tatu ya bidhaa zilizoahidiwa zilichelewa. Uchunguzi wake wa mwaka uliofuata ulionyesha kuwa takriban asilimia tisa ya miradi iliyofikia lengo haikuwapa wanunuzi walichoahidiwa. Dalili za mapema ni kitambaa kutofika kwa wakati na kikundi kunyamaza. La kwanza husameheka iwapo la pili halipo. Taarifa fupi kila wiki mbili, hata ikiwa ni ya kusema "bado tunasubiri", hulinda jina kuliko ukimya.

Maneno ya tangazo

Kishawishi kikubwa katika bidhaa hii ni kuuza huruma: picha ya mwanafunzi aliyeinamisha kichwa, na maneno "Mwokoe binti wa Kilole". Maneno hayo yana madhara matatu.

Kwanza, yanamfukuza mteja. Anayeambiwa kuwa pedi ni ya maskini hatainunua kwa matumizi yake, ataichangia mara moja na kuondoka. Kikundi kinachotaka biashara ya mwaka wa pili kinahitaji mwanamke anayeivaa, anayeipenda na kumwambia shoga yake.

Pili, yanamdhalilisha mtoto. Picha ya mwanafunzi ikihusishwa na hedhi mtandaoni haifutiki, na wenzake wataiona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zinahimiza kulinda faragha na utu wake. Picha ya pedi iliyokunjuliwa juu ya meza, tabaka zake tatu zikionekana, na mikono ya fundi akishona, inaeleza zaidi na haimuumizi mtu.

Tatu, mara nyingi yanadai kisichothibitishwa. Tafiti kuhusu pedi na mahudhurio shuleni hazisemi jambo moja. Utafiti uliofanywa katika shule nane za Wilaya ya Kamuli, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha mahudhurio bora miongoni mwa wasichana waliopewa pedi za kufua au elimu ya hedhi, wakilinganishwa na wasiopewa chochote. Utafiti wa Nepal uliochapishwa mwaka 2011, uliohusu vikombe vya hedhi, haukuona mabadiliko ya maana. Anayeandika "seti moja humbakiza binti mmoja shuleni" anauza ahadi asiyoweza kuifikisha kwa basi.

Kampuni kubwa nazo zimepata somo hilo. Thinx ya New York, inayouza nguo za ndani za hedhi na ambayo miaka yake ya mwanzo ilitenga sehemu ya mauzo kwa AFRIpads, ilikubali kutenga hadi Dola milioni tano za Marekani kumaliza kesi ya wateja waliodai kuwa bidhaa iliyotangazwa kuwa salama na asilia ilikuwa na kemikali zisizotakiwa. Kampuni ilikana kosa, lakini gharama ilibaki palepale. Kikundi cha mafundi sita hakina fedha hizo. Kisiandike "haina kemikali" wala "inazuia maambukizi" ikiwa hakina karatasi ya maabara mkononi.

Tangazo linalofaa ni fupi na lina vipimo: "Pedi tano, tatu za mchana na mbili za usiku. Tumezifua mara 48 na hazijavuja. Zioshwe kwa maji baridi, zikaushwe juani, zibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita. Msimu wa mvua utahitaji mbili zaidi. Sh20,000, pamoja na usafiri wa basi. Tusipofikisha Sh7,000,000 ifikapo tarehe iliyotajwa, kila mtu anarudishiwa fedha zake zote." Sentensi ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. Kurudisha fedha nako kunakatwa ada, hivyo kikundi kitenge akiba ya kazi hiyo tangu mwanzo, kutoka mifukoni mwa wanachama na si kutoka kwa wateja.

Mwisho wa hesabu

Baada ya mzigo kufika, kampeni haijaisha. Katika kila mfuko iwekwe namba ya simu, na baada ya miezi mitatu mafundi wapigie wanunuzi 20 na kuwauliza maswali mawili: ipi imevuja, na ipi haijakauka kwa wakati. Majibu hayo ndiyo mtaji halisi, kwa kuwa bidhaa ya pili itashonwa kutokana nayo.

Fundi wa gauni la harusi analijua hilo bila kufundishwa. Fedha ya awali humpa kitambaa, lakini kinachomletea mteja wa pili ni bibi harusi aliyetoka kanisani gauni likiwa halijafumuka. Wanunuzi 194 wa pedi wanangoja vivyo hivyo, na wengi wao hawatapita Kilole kumtazama fundi usoni. Watamjua kwa mfuko ulioshushwa kwenye basi, siku ile ile aliyoitaja.